MUNGU HAKUFYEKA MITI YA USUKUMA! Ukame wanausingizia, ardhi imeuawa na watu

Ndugu msomaji, mvua ikikawia wiki mbili tu utawasikia. Mheshimiwa atapanda jukwaani, kitambaa cha jasho mkononi, atakutangazia kwa sauti ya msibani kwamba Kwimba kuna njaa, Magu mahindi yamekauka yakiwa magotini, Misungwi ng'ombe wanaanguka. Sababu? Ukame! Siku hizi wamejifunza na neno zito zaidi, mabadiliko ya tabianchi, wanalitamka kama dua. Mwisho atamtaja Mungu, watu wataitikia amina, na gari lake litaondoka likitimua vumbi.

Hakuna aliyemwuliza habari za lile vumbi. Limetoka wapi? Miaka sabini au themanini iliyopita palikuwa na nini mahali lilipotimka?

Wewe kijana unayesukuma mkokoteni Mlango Mmoja, unayepiga debe Buhongwa, unayechuuza soksi Makoroboi, jambo hili ni lako hata kama hujashika jembe tangu utoke shule. Wengi wenu hamkuja Mwanza kwa sababu mjini kuna raha. Raha gani, chumba kimoja Mabatini mnalala wanne? Mmekuja kwa sababu shamba la baba halirudishi hata mbegu iliyotiwa, na mlipouliza mkaambiwa ni ukame. Kwa hiyo mnasubiri mvua njema ili mrudi. Mtasubiri sana. Yapo mambo mawili hapa, nao wakubwa wanapenda sana tuyachanganye: kuna ukame, na kuna ardhi iliyokufa. La kwanza huja na kwenda lenyewe. La pili limetengenezwa na watu, wengine wakiwa na mihuri ya serikali, na mvua peke yake hailiponyi.

NDOO YA KUPIMIA IPO MBELE YENU

Tuanze na ukame wenyewe, maana hatusemi haupo. Upo, ulikuwepo kabla ya Mjerumani, na utakuwepo. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanaitaja miaka mibaya kama wanavyotaja majina ya watoto: 1949, 1973 hadi 1974, 1984, 1996 hadi 1997, 2005 hadi 2006. Chanzo chake kikubwa kiko mbali, kwenye bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu na ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto kwa namna fulani, mvua za vuli huja kwa fujo, kama zile za Elinino za mwisho wa 1997. Yakigeuka kinyume, vuli inakuwa kavu. Huo ni mzunguko. Unapanda, unashuka, na ardhi yenye afya huuvumilia: nyasi hukauka juu lakini mizizi hukaa chini ikisubiri, na mvua ya kwanza nzuri ikipiga, baada ya wiki mbili mahali pote ni kijani.

Sasa ukitaka kujua kama mvua imeihama Kanda ya Ziwa, nenda kaketi pale Kamanga uangalie maji. Ziwa Victoria ni kama ndoo kubwa ya kupimia mvua, kwa sababu sehemu kubwa sana ya maji yake, kiasi cha asilimia 80, haitoki mitoni. Inadondoka kutoka juu moja kwa moja. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilinyesha hadi ziwa likapanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 likafikia tena kilele kile cha 1964, na 2024 likakipita, watu wa pwani wakahamisha vitanda. Hivyo ndivyo ilivyo mvua inayosemwa imetukimbia?

Mjanja mmoja ataniuliza: mbona 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920, mitumbwi ikabaki kwenye tope? Swali zuri, na jibu lake ndilo somo lenyewe. Mwaka ule ulikuwa wa ukame kweli. Lakini kule Jinja, Uganda, ziwa linapotoka kuingia Nile, kuna mitambo miwili ya umeme, Nalubaale ya tangu 1954 na Kiira iliyoongezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kulikuwa na makubaliano ya tangu zamani ya kiasi cha maji cha kuachia kulingana na kimo cha ziwa. Katika miaka ile yaliachiwa zaidi ya makubaliano, kwa sababu watu walitaka umeme. Wataalamu walipopiga hesabu wakaona kwamba karibu nusu ya mshuko ule, wengine wakasema zaidi ya nusu, ilitokana na mageti na sio mawingu. Lakini kwenye redio tulisikia neno gani? Ukame!

Tuseme haki pia: mvua ya ziwani si mvua ya Ngudu. Ziwa lina tabia ya kujitengenezea radi zake usiku, na ukienda kusini kuelekea Kwimba na Shinyanga mvua hupungua hadi milimita 600 au 900 hivi kwa mwaka wa kawaida, tena katikati ya Januari na Februari kuna kiangazi kidogo kinachoweza kuua mahindi. Kwa hiyo ndoo ya Kamanga haitoshi kuwa shahidi wa shamba la Kwimba. Tunahitaji shahidi mwingine wa palepale shambani. Naye yupo.

SHAHIDI ANAITWA NGITILI

Msukuma hahitaji kuelezwa ngitili, lakini wapo wasomaji wetu wa Kihaya na Kijita, na wapo Wasukuma wa mjini wasiojua hata jina. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa. Mvua zikianza Novemba au Desemba, mifugo hairuhusiwi kuingia. Nyasi zinakua hadi kutoa mbegu, miti inachipua kutoka kwenye visiki, na kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, ndipo inafunguliwa kwa ndama, kwa maksai wa kulimia, na kwa ng'ombe waliodhoofika. Ni ghala la majani yaliyosimama wima. Familia huwa na ekari zake chache, na kijiji kinaweza kuwa na ngitili yake kubwa.

Simama sasa kwenye mpaka wa ngitili iliyotunzwa na uwanja wa wazi wa pembeni. Mvua ni ileile. Wingu halina wivu, halichagui upande wa kushoto wa njia likaacha wa kulia. Udongo ni uleule, jua ni lilelile. Lakini huku kuna majani ya kiunoni na mikwaju, na huku kuna ardhi nyeupe inayong'aa kama upara. Kama kilichoua upande wa pili ni ukame, kwa nini haukuvuka mpaka? Hapo mheshimiwa hana jibu.

Kinachotokea upande wa upara kinaeleweka, na ukikielewa mara moja hudanganyiki tena. Ng'ombe wengi mno wakikaa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, zinakufa kwanza nyasi za kudumu, zile zenye mizizi mirefu. Zinabaki za msimu, zinazoota kwa wiki chache na kupotea, na magugu ambayo hata mbuzi anayasonya. Udongo ukiwa uchi, matone ya mvua yanaupiga kama nyundo, chembe laini zinajaza matundu, na jua likiwaka juu linajifanya gamba gumu. Wasukuma wana majina ya udongo wao kuliko mabwana shamba wengi: luseni ni mchanga wa juu karibu na majabali, itogolo ni ule wa mteremko wenye tabaka gumu chini yake, mbuga ni udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Itogolo ukivuliwa nyasi unakuwa kama sakafu ya saruji.

Chukua hesabu ndogo, uifanye kwa kidole. Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni lita kama 4,000, yaani mapipa 20 ya lita mia mbili mbili. Mvua moja kubwa ya milimita 40 inakumwagia mapipa 800. Chukulia kwamba ardhi yako imeota gamba na nusu ya maji inateleza kuelekea korongoni. Mapipa 400 yameondoka, na hayakulipi chochote. Fanya hivyo mwaka mzima kwenye sehemu yenye mvua ya milimita 700, na shamba lako limekunywa 350. Hiyo ni pungufu hata ya mvua inayodondoka Dodoma! Mwenye kipimo cha mvua atakuambia mwaka ulikuwa mzuri, na wewe umevuna mabua. Wote wawili mnasema kweli. Mvua ilikuja, ardhi ikashindwa kuipokea. Huo ni ukame uliotengenezwa na watu.

Tena maji hayo hayaendi peke yake. Yakibeba milimita moja tu ya udongo wa juu, unene usiozidi wa sarafu, kila ekari imepoteza tani tano hadi sita. Ni lori limepakia likaondoka usiku, na mwenye shamba hakusikia hata mlio. Udongo wa kurudisha unene huo huchukua miaka mingi kuzaliwa. Kama unataka kuona malori yanakoelekea, siku ya mvua kubwa simama kwenye daraja la Mto Simiyu pale Magu, barabara ya kwenda Musoma, utazame maji yanavyoingia Ghuba ya Speke yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Hicho ni chakula cha Kwimba, Maswa na Bariadi kinakwenda kuzikwa ziwani.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani Krismasi, usisikilize hotuba, tazama chini. Mizizi ya mti ikiwa imebaki nje kama vidole, jua kwamba udongo umeshuka, maana mti haupandi juu kwa miguu. Vijiwe vikikaa kila kimoja juu ya kinara chake kidogo cha udongo, mvua imechimba pembeni yake. Lambo lililochimbwa kwa kina cha mtu mzima likiwa sasa linamfika mtoto magotini, limejaa mashamba ya watu. Halafu subiri mwaka wa mvua nzuri. Mahali palipokuwa na ukame tu patarudi kijani. Mahali palipokufa patabaki na gamba, hata ikinyesha gharika. Kipimo kikubwa ni hicho, na hata wenye setilaiti wanafanya vivyo hivyo: wanaweka mvua ya kila mwaka upande mmoja na ukijani wa ardhi upande mwingine, kwa miaka 20 au 30. Ukijani ukishuka na kupanda pamoja na mvua, huo ni ukame na unakwisha. Ukijani ukishuka huku mvua ipo palepale, ardhi yenyewe inaumwa. Mwaka mmoja haukuambii kitu. Kavu wa 2006 peke yake ungemdanganya mtu yeyote.

Na wamewahi kudanganywa wakubwa kuliko wetu. Mwaka 1975 mtaalamu mmoja Mwingereza aliruka kwa ndege juu ya Kordofan, Sudani, akalinganisha alichokiona na ramani ya 1958, akaandika kwamba Sahara inasonga kusini kwa zaidi ya kilomita tano kila mwaka. Dunia nzima ikatetemeka, 1977 Umoja wa Mataifa ukaitisha mkutano mkubwa wa jangwa pale Nairobi. Baadaye Waswidi wa Chuo Kikuu cha Lund wakaenda kupima Sudani ileile, hawakuuona mwendo huo. Yule bwana alikuwa amelinganisha mwaka wenye mvua na mwaka wa ukame. Baada ya 1984 mvua ziliporejea, sehemu kubwa za Saheli zikawa kijani tena. Jangwa haliandamani kama jeshi linalotoka kaskazini. Linaota kama mapunye kichwani, doa hapa, doa pale, pale penye kisima kimoja na ng'ombe elfu, pale penye tanuri za mkaa, pale watu waliporundikwa pamoja. Madoa yakikutana ndipo unaona upara.

NANI ALISHIKA SHOKA?

Hapa ndipo wengine hawatapenda kusoma. Wapishe!

Wa kwanza alikuwa mkoloni. Miaka ya 1920 na 1930 utafiti wa mbung'o ulifanyika Shinyanga, chini ya Mwingereza Swynnerton. Dawa waliyoiona ya kumfukuza mbung'o ilikuwa kufyeka pori lake, na watu kwa maelfu waliitwa chini ya watemi wao kwenda kukata. Tusiwe wajinga, mbung'o alikuwa anaua ng'ombe na watu, na wengi walifurahi kupata nchi mpya ya malisho. Lakini pori lililofyekwa halikurudishwa hata pale ambapo mbung'o alikwisha kusahauliwa.

Ikaja pamba. Mwingereza aliitaka, ushirika wa wakulima ukaichukua mikononi mwake, na kati ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960 mavuno ya Usukuma yaliongezeka mara kadhaa. Tuliimba! Ila ongezeko lile, kwa sehemu kubwa, halikutokana na ekari moja kuzaa zaidi. Lilitokana na kulima ekari nyingi zaidi. Maksai na plau waliingia kwenye malisho, shamba lililokuwa likipumzishwa miaka kadhaa likalimwa kila mwaka, na fedha ya pamba ikanunua ng'ombe, ambao sasa walikuwa na nafasi ndogo kuliko zamani. Mkoloni akaona mmomonyoko, akaleta mpango wake wa maendeleo ya Usukuma tangu 1947: matuta ya lazima, kupunguza mifugo kwa lazima, faini. Watu wakakataa amri za namna ile, na TANU ikasimama nao. Mkoloni akaipiga marufuku TANU huku kwetu kuanzia 1954 hadi 1958.

Sasa kumbuka jambo hilo halafu uruke hadi Novemba 1973. Watu walewale waliopinga amri za mkoloni wakatoa amri yao: hadi mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa shamba awe anaishi kijijini. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikapita Usukuma. Msukuma alikuwa akikaa kaya mbalimbali, kila moja na shamba lake, malisho yake na ngitili yake karibu, na kwa ukaaji ule ng'ombe walikuwa wametawanyika. Wakakusanywa kwenye mistari ya nyumba. Kaya mia kadhaa mahali pamoja, ng'ombe wote wanatoka asubuhi na kurudi jioni kwa njia zilezile, kuni zote zinatoka kwenye vichaka vilevile. Ngitili ikabaki mbali na mwenyewe, haina mlinzi. Tena ikawa haina hata mwenye nayo, maana ardhi sasa ilikuwa ya kijiji, na kitu cha wote kisicho na mlinzi kiliwe na nani? Kikaliwa na aliyewahi. Katika miaka isiyozidi kumi utaratibu wa mababu ulikuwa mifupa.

Nani aliuliza wazee? Hakuna. Shule na zahanati zililetwa na tunashukuru. Lakini mtu aliyechora mistari ile ya nyumba hakutazama kama chini yake ni luseni au itogolo.

Miaka ya 1980 Mwalimu mwenyewe alipotembelea Shinyanga alishtuka, akaiita jangwa la Tanzania. Tunampa haki yake kwamba hakusema ni Mungu, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za Norwe. Na hata HASHI ilianza kwa makosa yaleyale ya ofisini: vitalu vya miche, miti ya kigeni, kampeni za kupanda. Miche mingi ikafa, mingine ikaliwa. Ndipo wakafanya jambo la ajabu kwa serikali. Wakawasikiliza wenyeji. Wakaambiwa: acheni kupanda, fungeni ngitili, visiki viko hai chini ya ardhi.

Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 tu. Hadi mradi unafungwa 2004, zilikadiriwa kufika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Walinzi walikuwa sungusungu, na mwizi wa malisho alihukumiwa kwenye dagashida, baraza la jadi, faini ikalipwa palepale. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ukawapa tuzo. Na katikati ya kipindi hicho kulipita ukame wa 1996 hadi 1997! Miti ikaendelea kuota ukame ukiwepo. Kama ukame ndio uliokuwa mchawi, iliwezekanaje?

Hatusemi ilikuwa peponi. Mwenye ng'ombe mia alifaidi ngitili ya kijiji kuliko asiye na hata mmoja, na kijana asiye na ekari alibaki akiangalia majani ya wenzake. Na itogolo uliokwisha kung'oka hadi kwenye tabaka gumu haurudi kwa kufungwa miaka mitatu, pengine haurudi katika maisha yako. Lakini shahidi amesema.

NA WEWE WA MJINI UNA GUNIA LAKO

Mzigo mwingine ni wa hapa hapa. Kila asubuhi Igoma, Mkuyuni na Kirumba zinaamka kwa mkaa. Tanuri la udongo la mchoma mkaa hupoteza sehemu kubwa ya mti, hivyo kilo moja ya mkaa inakula kilo tano hadi kumi za kuni. Gunia la kilo 50 ni mti wa kilo 250 kwa uchache. Simlaumu mama ntilie, gesi ina bei yake. Wala simlaumu mchoma mkaa, maana aghalabu ni ndugu yako yule aliyebaki na ekari iliyokufa. Namwuliza anayekaa kwenye kizuizi cha barabara akikusanya ushuru wa kila gunia: fedha hiyo imerudi kwenye kisiki kipi?

Badala ya jibu, tunaletewa mchawi mpya, mfugaji. Ardhi ilipochoka huku, Wasukuma walichukua ng'ombe wao wakaondoka: Rukwa, Usangu, Kilombero, hadi Lindi. Mwaka 2006 serikali ikawatimua Ihefu kule Usangu kwa kosa la kuharibu mazingira. Ng'ombe wengi wakiwa mahali padogo huharibu, nimeeleza hapo juu jinsi wanavyoharibu. Lakini kabla ya kumpiga faini Usangu, mngemwuliza nani alimvunjia ngitili yake Kwimba.

Wala msinizushie kwamba nakana joto la dunia. Joto limepanda, na jua kali hukausha udongo upesi zaidi hata mvua ikiwa ileile. Lakini joto hilo linapiga ngitili na linapiga upara sawasawa, na tofauti kati yao inabaki palepale. Anayetaka kujificha nyuma ya tabianchi aeleze kwanza tofauti hiyo.

Kwa nini wanapenda neno ukame? Ukame hauna mshitakiwa. Ukame unaletewa mahindi ya msaada, yanapigwa picha, yanagawiwa karibu na uchaguzi. Ardhi iliyokufa ina historia, ina tarehe, ina sahihi za watu, na inahitaji kazi ya miaka kumi isiyopigwa picha.

Basi akija tena na kitambaa chake, kijana, nyoosha mkono. Mwombe akuletee mvua ya miaka 30 ya kituo kilicho karibu na kijiji chenu, zinatunzwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mavuno ya miaka hiyo pembeni yake, mkahesabu pamoja ni miaka mingapi mvua ilikuja na mahindi hayakuja. Mwulize ngitili za kijiji chenu ni ngapi, zimeandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 au zinasubiri kugawiwa kwa mwenye fedha. Mwulize ushuru wa mkaa wa mwaka jana ulikuwa shilingi ngapi na ngapi zilirudi vijijini. Akianza kumtaja Mungu, mwambie akae kwanza, swali lilikuwa la halmashauri.